Mti wa ukoo wa masultani wa Zanzibar: nani ni nani kwa Bibi Salme

*"Shikamoo mwalimu. Natembeza wageni Mji Mkongwe, na nimetumiwa skrinshoti ya mti wa ukoo wa masultani wa Zanzibar. Nataka kuigeuza iwe orodha: kila jina na neno lake la undugu kwa Bibi Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan. Maneno yaliyoandikwa chini ya majina ni ya Kiingereza. Mpaka sasa nimeandika: Barghash kaka, Hamad na Khalid binamu, Khalifa mdogo wake, Ali bin Hamud na Khalifa aliyemrithi ni baba na mwana, Jamshid mjukuu. Mwenzangu anasema Khalid ni binamu wa Rudolph mtoto wa Salme, si wa Salme mwenyewe, na kwamba nusu ya orodha yangu imekosewa. Nifanyeje?"*

Marahaba. Mwenzako amepata kuhusu Khalid, na wewe umepata kuhusu Barghash na Khalifa yule mdogo wake. Yaliyobaki yamekuponyoka kwa sababu moja: umejaribu kuusoma undugu kwenye picha, na kwenye picha haumo. Mna majina na mistari tu. Mstari unaoshuka unasema huyu kamzaa yule, na mstari wa ubavuni unasema hawa walioana. Kaka, shangazi, mjomba na binamu unawapata mwenyewe kwa kuhesabu hatua kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo igawe kazi mara mbili. Kwanza itoe picha iwe jedwali la nani kazaliwa na nani na nani kamuoa nani. Maneno ya undugu yaje baadaye, picha ukiwa umeshaiweka kando.

Kabla ya yote, omba picha nyingine iliyo safi. Skrinshoti iliyopita simu tatu au nne huwa imebanwa mpaka mistari myembamba imekatika, na mstari uliokatika katika mti wa ukoo ni mtoto aliyepotea baba. Mwambie aliyekutumia aitume kama faili, isiwe kama picha ya kawaida, na uangalie pembeni kama kuna visanduku vilivyokatwa na ukingo wa kioo. Simu nyingi siku hizi zinaweza kunakili maandishi yaliyo ndani ya picha. Tumia njia hiyo kuyapata majina bila kuyachapa, lakini jua kwamba simu inachukua maneno na kuiacha mistari. Utapata majina yote bila kujua nani ni wa nani.

Kipe kila kisanduku namba. Kisha fuata mistari kutoka kwa mtoto kwenda juu, usianze kwa mzazi kuja chini. Mzazi anaweza kuwa na mistari kumi inayoshuka na kupishana na ya jirani yake, lakini mtoto ana mstari mmoja tu unaopanda. Weka kidole kwa mtoto, panda mpaka ugonge kisanduku au mstari wa ndoa, andika ulichokigonga, halafu nenda kwa mtoto wa pili. Ukimaliza, idadi ya safu katika jedwali iwe sawa na idadi ya visanduku, na kila mtu awe na baba isipokuwa yule wa juu kabisa na wale walioingia kwa ndoa.

Kwa ukoo huu una msaada ambao miti mingi haina: majina yenyewe yanataja baba. Khalid bin Barghash ni mwanamume na baba yake ni Barghash. Matuka bint Hamud ni mwanamke na baba yake ni Hamud. Basi kila ukimaliza kufuata mstari, ulinganishe na jina. Vikipingana, umeufuata mstari wa jirani, au mchoraji amekosea, na hapo usiendelee mpaka umejua ni lipi.

Ndiyo maana nakusihi usikate majina. Katika orodha yako umeandika "Khalifa" mara mbili, na hao ni watu wawili walioachana vizazi viwili. Khalifa bin Said alitawala 1888 hadi 1890, na huyo kweli ni mdogo wake Salme. Khalifa bin Harub alitawala 1911 hadi 1960. Ali nao ni wawili, Ali bin Said wa 1890 hadi 1893 na Ali bin Hamud wa 1902 hadi 1911. Halafu kuna Hamad na Hamud, waliotengwa na herufi moja. Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Hamud bin Mohammed akawekwa kwenye kiti siku mbili baadaye, Waingereza walipokwisha kulipiga kasri kwa mizinga na Khalid bin Barghash kukimbia. Picha ikiwa na ukungu kidogo, simu itakusomea Hamad mahali pa Hamud bila kukuonya. Jina la baba ndilo linalokulinda.

Kosa lako la Ali bin Hamud na Khalifa limetoka hapo karibu. Michoro mingi ya watawala huandika namba au mishale ya kupokezana kiti juu ya mistari ya uzazi, na macho yamezoea kudhani anayerithi ni mtoto. Kwa Al-Busaidi wa Zanzibar mara nyingi haikuwa hivyo. Majid alirithiwa na Barghash, Barghash na Khalifa bin Said, Khalifa na Ali bin Said, na hao wote wanne ni watoto wa baba mmoja, Said bin Sultan. Khalifa bin Harub alimrithi Ali bin Hamud, lakini ukiangalia miaka, Khalifa alizaliwa 1879 na Ali 1884. Hapawezi kuwa na mtoto aliyemzidi baba yake miaka mitano. Nitawarudia hawa wawili, maana undugu wao unastahili kuelezwa taratibu.

Jedwali lako liwe jepesi. Safu chache zinatosha kuonyesha lilivyo:

```
namba,jina,jinsia,baba,mwenzi,mwaka
1,Said bin Sultan,me,,,
2,Thuwaini bin Said,me,1,,1821
3,Barghash bin Said,me,1,,1837
4,Salme bint Said,ke,1,5,1844
5,Heinrich Ruete,me,,4,
6,Rudolph,me,5,4-mama,1869
```

Hapo kwa Rudolph nimechanganya makusudi ili uone hatari yake: nguzo ya mwenzi haikuwekwa kwa ajili ya mama. Ongeza nguzo ya "mama", na pale ambapo mchoro haumtaji iache tupu. Usimjazie mtoto mama kwa sababu tu kuna mke mmoja aliyechorwa ubavuni mwa baba. Bibi Azza bint Seif anaweza kuonekana katika mchoro kama mke wa Said, lakini mama yake Salme ni Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Ukifuata mstari wa ndoa kijinga utamfanya Azza mama wa kila mtu. Kwa Salme, Azza ni mke wa baba yake, yaani mama wa kambo.

Sasa tuje kwenye undugu. Yale maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye picha yafute kabisa, usijaribu hata kuyatafsiri. Kiingereza kinamweka kaka wa baba na kaka wa mama katika neno moja, na watoto wa wote hao katika neno jingine moja. Kiswahili kinataka kujua unapitia kwa nani. Kanuni yenyewe ni nyepesi mtu akiishaizoea. Ndugu wa kiume wa baba ni baba: baba mkubwa au baba mdogo, na huku kwetu pwani, ami. Ndugu wa kike wa mama ni mama: mama mkubwa au mama mdogo. Kwa kuwa hao ni baba na mama, watoto wao ni kaka na dada zako. Lakini jinsia ikigeuka njiani, ukapita kwa baba ukafika kwa dada yake, au ukapita kwa mama ukafika kwa kaka yake, neno linabadilika. Dada wa baba ni shangazi, kaka wa mama ni mjomba, na watoto wao ndio binamu zako.

Weka kanuni hiyo juu ya jedwali lako uone Khalid anaangukia wapi. Salme na Barghash wote ni watoto wa Said. Khalid ni mtoto wa Barghash. Basi kutoka kwa Salme kwenda kwa Khalid ni hatua mbili: kwa kaka, kisha kwa mtoto wake. Huyo ni mtoto wa kaka, na Salme ni shangazi yake. Ubinamu hauwezi kuingia hapo, kwa sababu binamu lazima wawe wa kizazi kimoja, na Salme yuko kizazi cha baba yake Khalid. Hamad bin Thuwaini ni vilevile, na Hamud bin Mohammed ni vilevile. Salme ni shangazi wa wote watatu, wale wawili waliofuatana kwenye kiti mwaka 1896 pamoja na Khalid aliyejaribu kukitwaa katikati yao. Wageni wako watalipenda hilo, na ni kweli tupu.

Shuka sasa hatua moja, usimame kwa Rudolph. Mama yake ni Salme, kaka wa mama ni Barghash, basi Barghash ni mjomba wake, na Majid pia, na Thuwaini pia. Khalid ni mtoto wa mjomba, basi ni binamu yake. Mwenzako amesema kweli. Upande wa pili, Khalid akimtazama Rudolph anaona mtoto wa shangazi, naye pia atasema binamu. Lakini Khalid akimtazama Hamad bin Thuwaini, anaona mtoto wa baba mkubwa, na huyo kwa Kiswahili cha wazee wetu ni kaka yake, wala si binamu. Najua vijana wengi siku hizi wanawaita wote binamu, na katika mazungumzo sigombani na mtu. Katika orodha ya ukoo naomba utenganishe, kwa sababu hapo neno linambeba msomaji: akisoma "binamu" anajua mara moja kuwa kuna mwanamke katikati ya njia, shangazi au mama, na akisoma "ndugu, watoto wa baba mkubwa na mdogo" anajua kuwa ni wanaume watupu mpaka kwa Said.

Utaniuliza Hamad na Khalid tuwaite wapwa wa Salme? Mpwa kwa asili yake ni mtoto wa dada kwa mjomba wake. Rudolph ni mpwa wa Barghash, hapo hakuna wa kubisha. Kwa mtoto wa kaka akitazamwa na shangazi, watu wengi leo wanasema mpwa na wanaeleweka, ila wengine watakukosoa. Andika "mtoto wa kaka yake (Salme ni shangazi)". Ni ndefu kidogo, lakini haina shaka popote, Unguja, Mombasa wala Dar es Salaam.

Jambo linalokosewa zaidi hata na watu wazima ni ukubwa na udogo. Baba mkubwa si mkubwa kuliko wewe, ni mkubwa kuliko baba yako. Kipimo ni baba. Chukua Hamud bin Mohammed aliyezaliwa 1853, na Ali bin Said aliyezaliwa 1854. Ali ni mdogo kwa Hamud kwa umri, lakini Ali ni mtoto wa Said na Hamud ni mjukuu wa Said. Ali ni baba mdogo wa Hamud, na Hamud alipaswa kumheshimu hivyo ingawa walikuwa karibu rika moja. Mtu anayesoma miaka bila kufuata njia atawafanya ndugu wa kizazi kimoja. Miaka ina kazi moja tu hapa, nayo ni kuamua mkubwa na mdogo baada ya njia kujulikana.

Miaka isipoandikwa, tazama kama unaweza kuipata kwa mzunguko. Tuseme picha yako haina mwaka wa kuzaliwa wa Mohammed bin Said. Mtoto wake Hamud alizaliwa 1853, Salme akiwa na miaka tisa. Basi Mohammed lazima ni mkubwa kwa Salme, na unaweza kuandika "kaka" bila wasiwasi. Pale ambapo hata hilo haliwezekani, usibahatishe. Kwa ndugu wa baba neno ami linakutosha, kwa sababu haliulizi umri. Kwa ndugu wa Salme usiyejua umri wake, andika "ndugu yake, kwa baba". Na hiyo "kwa baba" iandike mara moja juu ya orodha nzima: watoto wa Said walikuwa na mama mbalimbali, na Salme, Majid na Barghash kila mmoja ana mama yake. Katika maisha ni kaka na dada kamili. Katika orodha, msomaji ana haki ya kujua.

Sasa nirudi kwa Ali bin Hamud na Khalifa bin Harub kama nilivyoahidi. Khalifa alimuoa Matuka bint Hamud, dada yake Ali. Kwa hiyo kuna njia mbili kati yao. Njia ya ndoa ni fupi: kutoka kwa Ali hadi kwa dada yake, kisha mume wa dada. Huyo ni shemeji, na wazee wa pwani watasema mwamu. Njia ya damu ni ndefu: Ali, baba yake Hamud, babu yake Mohammed, kisha unavuka kwa Thuwaini kaka wa Mohammed, unashuka kwa Harub, unafika kwa Khalifa. Mohammed na Thuwaini ni ndugu. Hamud na Harub, watoto wao, ni ndugu kwa kanuni ile ya baba mkubwa na mdogo. Ali na Khalifa, wajukuu, ni ndugu tena kwa kanuni hiyohiyo, maana njia yote imepita kwa wanaume. Kwa damu Khalifa ni kaka wa Ali, kwa ndoa ni shemeji yake, na vyote viwili ni sahihi kwa wakati mmoja.

Mtu akiwa na njia mbili, hesabu hatua. Iliyo fupi itangulie, ndefu iandikwe chini yake, usifute yoyote. Hapa andika "shemeji, pia ndugu upande wa baba". Halafu angalia picha yako kwa makini: mstari wa Abdullah bin Khalifa unaanzia wapi? Ukitoka katikati ya mstari wa ndoa wa Khalifa na Matuka, basi Ali bin Hamud ni mjomba wa Abdullah, kaka wa mama yake. Ukitoka kwa Khalifa peke yake, picha haijakwambia mama, na unachoweza kuandika kwa picha hiyo ni baba mdogo tu, kwa ile njia ya damu, kwa kuwa Ali ni mdogo kwa Khalifa. Nukta moja ya mahali mstari unapoanzia inabadilisha neno zima, ndiyo maana nilikuomba picha safi.

Limebaki suala la Jamshid. Kushuka chini Kiswahili kina ngazi zake zenye majina: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Na ndugu wa babu au bibi naye ni babu au bibi, kwa hiyo wajukuu wa kaka yake Salme ni wajukuu zake, na yeye ni bibi yao. Anza kwa Thuwaini, aliye ngazi moja na Salme. Harub ni mtoto, Khalifa bin Harub ni mjukuu, Abdullah ni kitukuu, Jamshid ni kilembwe. Ukianza kwa Said mwenyewe unaongeza ngazi moja, na Jamshid anakuwa kining'ina. Uliandika mjukuu kwa sababu neno hilo linatumika kwa wote wa chini, na mtoto wa mjini ukimwambia "mjukuu wa Said bin Sultan" haoni kosa. Lakini kati ya Said aliyefariki 1856 na Jamshid aliyezaliwa 1929 kuna watu wanne kwenye mstari, na mgeni anayejua kuhesabu atakuuliza wako wapi.

Orodha yako, ukianzia kwa Salme, basi itakuwa hivi:

- Said bin Sultan: baba. Jilfidan: mama. Azza bint Seif: mke wa baba, mama wa kambo.
- Thuwaini, Mohammed, Majid, Barghash: kaka, kwa baba.
- Khalifa bin Said (1852), Ali bin Said (1854): wadogo zake, kwa baba.
- Hamad bin Thuwaini, Harub bin Thuwaini, Hamud bin Mohammed, Khalid bin Barghash: watoto wa kaka, yeye ni shangazi.
- Ali bin Hamud, Matuka bint Hamud, Khalifa bin Harub: wajukuu, kwa kaka zake, yeye ni bibi.
- Abdullah bin Khalifa: kitukuu. Jamshid bin Abdullah: kilembwe.
- Heinrich Ruete: mume. Antonie, Rudolph, Rosalie: watoto.

Kwa hao watoto watatu, usiseme "watoto wake wote". Salme alikuwa na mtoto wa kwanza aliyefariki akiwa mchanga, na michoro mingi huwaacha watoto wa namna hiyo. Sema "watoto waliokua". Kisha juu kabisa ya karatasi andika kwa herufi kubwa: KWA SALME. Neno la undugu si cheo cha mtu mmoja, lipo kati ya wawili. Mwenzako akiichukua orodha hii akamwelezea mgeni habari za Rudolph, kila mstari utakuwa si sahihi, na yeye hataelewa kwa nini.

Kabla hujaichapa, ipime kwa kuigeuza. Kila neno lina mwenzake upande wa pili. Kama Salme ni shangazi wa Khalid, Khalid awe mtoto wa kaka. Kama Barghash ni mjomba wa Rudolph, Rudolph awe mpwa. Binamu hugeuka kuwa binamu, shemeji kuwa shemeji, bibi kuwa mjukuu. Soma orodha kutoka kulia kwenda kushoto namna hiyo, na pale ulimi utakapokwama pana kosa. Ungefanya hivyo mwanzoni, "Khalid binamu" ingekukwamisha, maana Khalid angelazimika kumwita binamu dada wa baba yake.

Mstari wa mchoro unapogongana na jina, au michoro miwili ikitaja mama tofauti, usichague uliyoipenda. Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uwaeleze unamtafuta nani na wa miaka gani. Kwa ukoo uliotawala, karatasi zipo, na wahudumu wa pale wanaweza kukuelekeza kwenye faili badala ya picha ya mtu wa mtandaoni.

Na kwa kuwa watu wakikuona na kazi kama hii watakuletea miti ya koo zao, nikuonye jambo moja. Orodha ya aina hii ni ya kueleza na kukumbuka, haifai kwa mirathi. Maneno yetu humwita mtoto wa kaka mtoto na ami baba, lakini sheria ya mirathi ya Kiislamu inatenganisha mtoto wa kuzaa na wa ndugu, na ndugu wa baba na mama, wa baba tu na wa mama tu, kila mmoja kwa hukumu yake. Mtu akitaka kugawa mali, mwandikie njia nzima kwa maneno ya wazi, "mtoto wa kiume wa kaka kwa baba", bila neno hata moja la mkato, kisha aende nayo kwa kadhi pamoja na wazee wawili watatu wanaowajua hao watu kwa sura.